Sentimita 10 zinazomeza namba ya simu

MSINDIKAJI mmoja wa asali kutoka Tabora, aliyeshiriki Maonyesho ya Sabasaba jijini Dar es Salaam, alisimamisha bango lake jipya asubuhi ya siku ya kwanza, akarudi nyuma hatua tatu kulitazama, akagundua kwamba namba yake ya simu haipo. Picha ya mzinga ilikuwepo, jina la kampuni lilikuwepo, na orodha ya bidhaa ilikuwepo. Mahali ambapo namba ilitakiwa kuwa palionekana mstari mwembamba wa kijani usio na neno lolote.

Msanifu hakuwa ameisahau namba hiyo, wala mchapaji hakuwa ameifuta. Ilikuwa imechapwa vizuri na kwa wino mzuri, ila ilikuwa ndani ya kasha la alumini lililoko miguuni mwa bango, mahali ambapo hakuna mteja angeweza kuisoma.

Hasara ya kosa hilo si ndogo. Wanunuzi wa jumla wanaopita mabandani mara nyingi hawatoi oda papo hapo. Hulipiga picha bango kwa simu, huendelea na safari yao, na hupiga simu baada ya kulinganisha bei. Picha ya bango lisilo na namba haimfikishi mteja kwa muuzaji. Maonyesho hayo ya Barabara ya Kilwa huanza mwisho wa Juni na kuendelea hadi katikati ya Julai, na siku za mwanzo ndizo ambazo mwenye banda hana muda wa kurudi mjini kuchapisha upya.

Mabango ya namna hii, ambayo mafundi wa uchapaji huyaita rolapu, yamekuwa kifaa cha kawaida katika mabanda ya wafanyabiashara wadogo na wa kati. Hubebwa kwa mkono mmoja, husimama bila kamba wala msumari, na hukunjwa kwa dakika moja. Hata hivyo, wengi wanaoyaagiza, na hata baadhi ya wanaoyasanifu, hawajawahi kuona ndani ya kasha kuna nini. Chanzo cha kosa la msindikaji wa asali kiko humo.

Kasha linavyofanya kazi

Rolapu ina sehemu nne. Chini kuna kasha la alumini lenye miguu miwili inayozungushwa kutoka pembeni. Ndani ya kasha kuna bomba lenye springi, ambalo huzunguka na kuivuta karatasi irudi ndani kila inapoachiwa. Nyuma kuna fimbo ya vipande viwili au vitatu inayosimikwa katika tundu la kasha. Juu kabisa kuna reli inayoibana karatasi na kuning'inia kwenye ncha ya fimbo.

Karatasi yenyewe ni ya plastiki, na haifungwi moja kwa moja kwenye bomba. Kiwandani bomba huwekewa kipande kifupi cha plastiki, ambacho hapa kitaitwa ukanda wa ndani. Mchapaji hubandika ncha ya chini ya karatasi iliyochapwa juu ya ukanda huo kwa tepu yenye gundi pande mbili. Bango linapovutwa juu, kiungo hicho lazima kibaki ndani ya kasha, chini ya mdomo linakotokea bango.

Kuna sababu mbili za kukiacha ndani. Kwanza, kiungo kikitokeza nje, ukanda wa ndani huonekana kama kiraka cha kijivu au cheupe chini ya picha. Pili, springi huvuta wakati wote bango linaposimama. Karatasi inapokuwa imejizungusha kidogo kwenye bomba, mzunguko huo husaidia kubeba mvuto. Kiungo kikiwa kimenyooka hewani, mvuto wote huangukia kwenye tepu, na gundi ya tepu hulegea kwa joto. Ikiachia, ukanda hurudi ndani kwa kasi, na kuutoa tena ni kazi ya fundi wa kufungua kasha.

Kwa hiyo sehemu ya chini ya karatasi haikuwekwa kwa ajili ya msomaji. Ni sehemu ya mashine, kama vile pindo la shati linaloingia ndani ya suruali. Katika vifaa vingi inakaribia sentimita 10, lakini vipo vinavyohitaji chini ya hapo na vipo vinavyohitaji zaidi. Reli ya juu nayo humeza kiasi chake, mara nyingi sentimita 1 au 2. Kuna reli za kubandika ambazo hukaa nyuma ya karatasi na hazifuniki kitu mbele.

Jina moja, vipimo viwili

Kama kila mtu anajua kwamba kasha humeza karatasi, kwa nini namba za simu zinaendelea kupotea? Sababu kubwa ni namna vipimo vinavyotajwa sokoni.

Mteja akiuliza rolapu katika duka la uchapaji, jibu la kawaida ni kwamba ipo ya 85 kwa 200. Hizo ni sentimita, upana kwa urefu, na ndicho kipimo kilichozoeleka zaidi. Tatizo ni kwamba namba 200 hutumika kwa maana mbili. Kwa baadhi ya vifaa, 200 ni urefu wa eneo linaloonekana, na karatasi ya kuchapa lazima iwe ndefu zaidi ya hapo. Kwa vingine, hasa vile vya bei nafuu, 200 ni urefu wa karatasi yote, pamoja na ile inayofichwa. Kwa nje vifaa hivyo viwili vinafanana sana, na vinaweza kuwa kwenye rafu moja.

Msanifu anayefanya kazi nyumbani, ambaye hajaona kifaa chenyewe, husikia 85 kwa 200 na kufungua faili la ukubwa huo. Akiwa na bahati, kifaa ni cha aina ya kwanza, na mchapaji humrudishia faili akimwambia liongezwe urefu. Asipokuwa na bahati, kifaa ni cha aina ya pili. Faili linaingia sawasawa kwenye karatasi, hakuna anayelalamika, na kosa linaonekana siku ya maonyesho.

Ipo pia hali ya tatu, ambayo ni ya hila zaidi. Faili ni la sentimita 200, kifaa kinahitaji karatasi ya 212, na mchapaji, kwa kutaka kumsaidia mteja, analivuta faili lijaze karatasi. Urefu unaongezeka kwa asilimia 6 na upana unabaki ulivyo. Nembo ya duara yenye kipenyo cha sentimita 20 inakuwa na urefu wa sentimita 21.2 na kuonekana kama yai. Mwenye bango huona kwamba kuna kitu hakiko sawa bila kuweza kusema ni nini. Njia ya kugundua ni kupima kwa rula kitu chochote kilichochorwa kuwa duara au mraba.

Hesabu ya bango la asali

Tukio la msindikaji wa Tabora linafaa kufuatwa kwa vipimo. Faili lake lilikuwa la 85 kwa 200. Kifaa alichouziwa kilikuwa cha aina ya pili: reli ya juu ilimeza sentimita 2 na kasha lilimeza sentimita 10. Eneo lililobaki kuonekana lilikuwa sentimita 188.

Msanifu alikuwa ameweka chini kabisa mkanda wa kijani wenye kimo cha sentimita 12, na ndani yake namba ya simu yenye tarakimu za kimo cha sentimita 3. Tarakimu hizo zilianza sentimita 4 kutoka ukingo wa chini na kuishia sentimita 7. Kwenye kioo cha kompyuta zilikaa vizuri katikati ya mkanda. Kasha lilipomeza sentimita 10, namba yote ilikuwa imezama, na ikabaki sentimita 3 chini ya mdomo. Mkanda wa kijani ulibakiwa na sentimita 2, ambazo ndizo mwenye banda alizoziona.

Juu nako hakukuwa salama. Nembo ilianza sentimita 3 kutoka ukingo wa juu. Reli ilipochukua 2, ikabaki sentimita 1 kati ya reli na nembo, na nembo ikaonekana kama imesukumwa darini.

Kosa la msanifu halikuwa la ladha. Kuweka namba ya simu chini ni desturi ya matangazo ya gazetini na vipeperushi, ambako macho humalizia chini na huko ndiko hupewa anwani. Desturi hiyo haifai kwenye rolapu, kwa kuwa karatasi ya rolapu haiishii pale inapoonekana kuishia.

Namna ya kuzuia kosa hili ni kuanza na kifaa kabla ya kuchora. Vipimo vinavyotakiwa kutoka kwa mchapaji ni vitatu tu: urefu wa karatasi yote, kiasi kinachomezwa juu, na kiasi kinachomezwa chini. Mchapaji asiyeweza kuvitaja anaweza kuombwa asimamishe kifaa mbele ya mteja kikiwa na bango la mtu mwingine. Hapo hupimwa kwa futi ya fundi nguo kutoka mdomo wa kasha hadi ukingo wa chini wa reli. Huo ndio urefu unaoonekana, na huamuliwa na urefu wa fimbo. Ukiutoa kwenye urefu wa karatasi yote, tofauti ni jumla ya kinachomezwa juu na chini.

Tahadhari moja inahitajika hapa. Kifaa kipya ambacho hakijawekwa karatasi huwa na pini inayozuia springi isijikunjue. Mteja asiichomoe kwa udadisi. Ikitoka kabla karatasi haijabandikwa, springi hufunguka yote, ukanda wa ndani huingia kasini, na kifaa kinaweza kuwa kimeharibika kabla ya kutumika hata mara moja.

Sehemu ya pili iliyofichwa

Vipimo hivyo vikishachukuliwa, msanifu huchora mstari wa mwongozo sentimita 10 kutoka chini, na wengi huishia hapo. Wakiweka namba ya simu sentimita 12 kutoka chini, kasha haliimezi tena. Lakini bado haisomeki, kwa sababu mabandani kuna kitu kingine kinachoficha.

Kitu hicho ni meza. Meza ya kawaida ya bandani ina kimo cha sentimita 75 hivi, na wenye mabanda wengi husimamisha rolapu nyuma yake. Juu ya meza hupangwa bidhaa. Chupa ya asali yenye kimo cha sentimita 20 huongeza kizuizi hadi sentimita 95 kutoka sakafuni. Rolapu ikiwekwa mbele ya banda badala ya nyuma ya meza, miguu ya wapita njia, mifuko na viti hufanya kazi ileile ya kuficha.

Ili kulinganisha faili na sakafu, inafaa kujua mdomo wa kasha uko juu kiasi gani. Katika kifaa cha msindikaji wa asali ulikuwa sentimita 8 kutoka chini. Sentimita 10 za karatasi zimezama chini ya mdomo huo, kwa hiyo kila alama kwenye faili hukaa sentimita 2 chini zaidi inapofika bandani. Alama ya 102 kwenye faili huwa sentimita 100 kutoka sakafuni.

Kutokana na hesabu hiyo, bango lake lilikuwa na maeneo matatu. Kuanzia 0 hadi 10 ni eneo la kasha, ambalo halionekani kamwe. Kuanzia 10 hadi karibu 100 ni eneo la meza, linaloonekana wakati mwingine na kufichwa wakati mwingine. Kuanzia 100 hadi 193 ni eneo la kusoma. Zile sentimita 7 za juu zimegawanywa kati ya reli inayochukua 2 na nafasi ya wazi ya 5 ili nembo ipumue.

Kila neno ambalo mteja asipolisoma biashara inapotea linatakiwa kukaa katika eneo la kusoma. Kwa mfanyabiashara wa asali, maneno hayo ni machache: nembo na jina, anachouza, na namba ya simu. Eneo hilo lina kimo cha sentimita 93, na upana wa sentimita 75 ukiacha 5 kila upande, ambapo karatasi huelekea kujikunja baada ya muda. Nafasi hiyo inatosha, mradi orodha ndefu ya bidhaa na historia ya kampuni visigombee nayo.

Kuhusu ukubwa wa herufi, kanuni ya mafundi wa mabango ni kwamba kila mita 3 za umbali zinahitaji takriban sentimita 2.5 za kimo cha herufi ili msomaji asome bila kukaza macho. Mtu anayepita kwenye njia kati ya mabanda anaweza kuwa mita 5 au 6 kutoka kwenye bango, kwa hiyo namba ya simu inahitaji tarakimu za sentimita 5. Namba ya tarakimu 10 kwa kimo hicho huchukua upana wa sentimita 45 hivi kwa herufi za kawaida nene, na hukaa bila taabu ndani ya zile 75. Tarakimu za sentimita 3 zilizowekwa mwanzo zingekuwa hafifu kwa mpita njia hata kama zisingemezwa na kasha.

Kilichofichwa kipakwe rangi

Baada ya kuambiwa kwamba sehemu ya chini haionekani, baadhi ya wasanifu huiacha nyeupe. Hilo nalo ni kosa. Karatasi hubandikwa kwa mkono, na ni rahisi ikakaa milimita chache juu au chini ya ilivyokusudiwa. Ikikaa juu kidogo, mstari mweupe hutokeza kwenye mdomo wa kasha na kufanya bango lote lionekane kama limekatwa vibaya.

Rangi au picha ya nyuma inatakiwa iendelee hadi ukingo wa mwisho wa karatasi, kupitia eneo lote la kasha. Kinachozuiwa humo ni maandishi, nembo, nyuso za watu na kitu chochote ambacho mtu angekikosa.

Kwa sababu hiyohiyo, haifai kuweka mpaka wa rangi mbili karibu na mstari wa mdomo. Karatasi ikibandikwa imeinama hata kwa milimita 4 kutoka upande mmoja hadi mwingine, mpaka ulio juu tu ya kasha utaonyesha mwinamo huo waziwazi, kwa kuwa jicho linaulinganisha na ukingo ulionyooka wa alumini. Mpaka huohuo ukiwekwa sentimita 30 juu ya kasha, hakuna atakayegundua. Msanifu anayetaka mkanda wa rangi chini ya bango ni afadhali aufanye mpana, ili sehemu inayoonekana iwe kubwa na mpaka wake uwe mbali na kasha.

Jambo jingine linalotokea mara kwa mara ni mistari ya mwongozo kuchapwa. Mchapaji anapotoa kiolezo chenye mistari myekundu inayoonyesha eneo la kasha, msanifu huchora juu yake, na asipoifuta kabla ya kuhifadhi faili la PDF, mistari hiyo hutokea kwenye bango. Faili la mwisho lifunguliwe upya na kukaguliwa kabla ya kupelekwa.

Jaribio la karatasi ya ofisini

Lipo jaribio linaloweza kufanywa na mwenye biashara mwenyewe, bila ujuzi wa kompyuta na kwa gharama ya karatasi moja ya A4. Msanifu aombwe achape bango kwa kipimo cha moja ya kumi. Bango la 85 kwa 200 huwa sentimita 8.5 kwa 20, na linaingia ndani ya A4 bila shida. Likatwe kwa mkasi kufuata ukingo.

Kisha sentimita 1 ya chini ikunjwe nyuma. Hiyo ndiyo sehemu inayomezwa na kasha. Juu zikunjwe milimita 2 kwa ajili ya reli. Kilichotoweka kwenye karatasi hiyo ndicho kitakachotoweka bandani. Msindikaji wa asali angefanya hivyo, namba yake ingepotea mezani kwake Tabora, siku ambayo kulirekebisha faili kulihitaji dakika chache tu.

Hatua ya pili ni kukisimamisha kipande hicho ukutani na kuweka mbele yake kitu chenye kimo cha sentimita 9.5, kama vile kasha la chai au daftari lililokatwa kwa kipimo. Hiyo ndiyo meza pamoja na chupa zake. Maneno yanayoonekana juu ya kitu hicho ndiyo ambayo mteja atayaona banda likiwa limejaa.

Hatua ya tatu ni kukitazama kutoka sentimita 50. Kwa kuwa kila kitu kimepunguzwa mara kumi, umbali huo ni sawa na kulitazama bango lenyewe kutoka mita 5. Namba isiyosomeka kwa urahisi hapo haitasomeka kwenye njia ya maonyesho. Ni vyema jaribio hilo lifanywe na mtu ambaye haijui namba hiyo, maana mwenye namba huisoma kwa kumbukumbu.

Kwenye karatasi ya oda

Migogoro mingi kati ya wateja na wachapaji inatokana na oda za mdomo. Mteja anasema aliagiza bango kamili, mchapaji anasema alichapa faili aliloletewa, na wote wawili wanasema kweli. Katika mgogoro wa namna hiyo anayelipia karatasi ya pili kwa kawaida ni mteja, kwa kuwa ndiye mwenye haraka.

Oda iandikwe vipimo vyote vitatu vilivyotajwa hapo juu, pamoja na maneno kwamba faili lichapwe kwa ukubwa wake bila kuvutwa wala kupunguzwa. Mchapaji akitia sahihi hapo, makosa ya kifaa yanakuwa yake. Msanifu naye apewe nakala ileile kabla hajaanza kazi. Aidha, kwa mwenye kuagiza mabango mawili au matatu ya kusimama pamoja, ihakikishwe kwamba vifaa vyote ni vya aina moja. Vifaa tofauti huwa na fimbo na makasha yasiyolingana, na picha iliyokusudiwa kuendelea kutoka bango moja hadi jingine huvunjika.

Kama bango limekwisha kuchapwa na namba imezama, njia zilizobaki ni chache. Kuongeza kipande cha fimbo ili kulivuta juu zaidi hakufai, kwa sababu hukitoa kiungo cha tepu nje ya kasha kikiwa kimebeba mvuto wote. Kuinua kasha kwa matofali nako hakubadilishi kitu, kwani fimbo huinuka pamoja nalo. Kinachowezekana kwa haraka ni kuchapisha namba kwenye stika na kuibandika katika eneo la kusoma, juu ya nafasi isiyo na maandishi.

Stika ina udhaifu wake. Bango likikunjwa kila jioni, stika huzunguka kwenye bomba pamoja na karatasi, ncha zake huanza kunyanyuka, na siku chache baadaye huacha makunyanzi. Mwenye banda linalofungwa kwa usalama anashauriwa aliache bango likiwa limesimama hadi maonyesho yaishe.

Msindikaji wa asali alifanya hivyo kwa siku zilizobaki. Kabla ya Nanenane mwezi uliofuata alichapisha karatasi mpya tu, kwa kuwa kasha, fimbo na reli vilikuwa vizima na fundi aliweza kubandika karatasi hiyo kwenye ukanda uleule. Namba ya simu ilihamishiwa chini ya jina la kampuni, sentimita 140 kutoka ukingo wa chini, kwa tarakimu za sentimita 5. Mkanda wa kijani alioupenda ulibaki chini, lakini safari hii ulipewa kimo cha sentimita 40, na ndani yake hakukuandikwa kitu.